Kiashiria Namba Saba

Kitendawili: kila mtu anayo, hakuna aliyewahi kuishika, na ukinyang'anywa kwa dakika tano tu watu wanaanza kutandika mikeka kwenu.

Mwanangu wa mwisho alikitegua akiwa na miaka minne. "Pumzi!" alisema, hata hakuinua kichwa, maana alikuwa anaipima meza yetu ya jikoni kwa kijiti. Alipima meza, akapima mlango, akanipima na mimi nikiwa nimelala. Tukambatiza Rula, na jina likamganda mpaka leo, mtu mzima na miwani yake.

Akakua akawa msimamizi wa miradi. Mimi shule niliishia darasa la saba, nikawa mhudumu wa wodi ya watoto miaka thelathini na mmoja. Nilipiga deki, nilibadilisha mashuka, nilisukuma mitungi ya oksijeni. Hiyo mitungi ndiyo iliyonivunja mgongo. Ni mizito kama maiti, na haina adabu: inaisha wakati haitakiwi kuisha. Nimewahi kushikilia mtungi mtupu mlangoni huku mwenzangu anakimbia wodi ya wanaume kuazima mwingine, na aliporudi tulikuwa tumeshamfunika mtoto. Si mara moja.

Kwa hiyo Rula aliponiambia taasisi yao imepewa mradi wa kuleta mtambo wa oksijeni hospitalini kwetu, hospitali ileile, wodi ileile, nililia machozi ya furaha mpaka akaogopa.

"Mama, ni mabomba tu."

"Wewe unayaona mabomba," nikamwambia.

Alituita kwenye ukumbi wa mafunzo, watu kama kumi na tano: manesi, daktari mmoja, fundi wa umeme, ofisa wa ofisi kuu ya taasisi yao, Sista Mkuu wa wodi ya watoto, na mimi mstaafu niliyekaribishwa kuwasemea waliowahi kuifanya kazi kwa mikono. Sista Mkuu ni shoga yangu wa siku nyingi. Aliingia wodini mwanafunzi mwenye miguu kama njiti, mimi nikamfundisha kutandika kitanda mtoto akiwa juu yake.

Rula akasimama mbele na kalamu nene. "Naomba mniambie," akasema, "ni mambo gani ni ya lazima, ambayo yakikosekana, hata tukijenga vizuri namna gani, huu mradi umekufa?"

Nesi mmoja kijana, mwembamba, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatafuna mfuniko wa kalamu, akasema, "Nikimwona mtoto amebanwa, vifaa viwe mkononi mwangu ndani ya dakika moja. Saa yoyote. Bila kumwomba mtu ruhusa."

Rula akaliandika kuwa namba moja, akalipigia mstari mara mbili. La pili likawa umeme wa mtambo usikatike. La tatu, fundi wa kuutunza awe mwajiriwa wa hospitali, asiwe mgeni wa kupigiwa simu.

Baada ya chai akageuza karatasi. "Sasa tunatafuta viashiria."

"Si ndiyo hayohayo?" nikauliza.

"Hapana, Mama. Yale ni masharti ya kufaulu. Kiashiria ni kipimo cha kutuonyesha kama tunaelekea huko. Ukichemsha maziwa, moto ni sharti. Povu linalopanda kwenye sufuria ndicho kiashiria. Ukiliona unajua moto upo."

"Na mimi nikitaka kumdanganya mama mkwe nitatia sabuni," akasema Sista Mkuu. Ukumbi mzima ukacheka. Rula naye alicheka. Laiti tungelishika lile neno!

Ofisi kuu ilikuwa imewaletea jedwali lenye nafasi saba tu. Kila nafasi ilitaka kitu kinachoweza kuhesabiwa na mtu mmoja, siku moja kwa mwezi, akipita na karatasi yake. Siku za kazi zilizotumika. Fedha zilizotumika. Matundu ya oksijeni ukutani: ishirini na manne. Wafanyakazi waliofundishwa: arobaini. Saa za mtambo kuwaka. Lilipofika lile sharti la dakika moja, kalamu ya Rula ikakwama. Dakika huwezi kuzihesabu kwa kupita siku moja. Lazima mtu awepo, aandike kila mtoto alifika saa ngapi, alipimwa saa ngapi, hewa ilianza saa ngapi.

"Hilo litatuchelewesha," akasema ofisa wa ofisi kuu. "Weka idadi ya vifaa."

Basi likaingia kama "flomita zilizopokelewa: ishirini na nne." Flomita ni kile kichupa kinachochomekwa kwenye tundu la ukutani, chenye kigololi ndani kinachopanda kuonyesha hewa inatoka kiasi gani. Bila hicho, oksijeni inabaki ndani ya ukuta, inapiga kelele yake humohumo.

Ikabaki nafasi ya saba, tupu. Watu wameshaanza kuangalia saa. Nikanyoosha mkono, mimi na kiherehere changu.

"Vitu vya wodi vinaota miguu," nikasema. "Mimi nimeona vipimajoto vikiondoka kumi kwa mwezi. Mikasi ndiyo usiseme. Hivyo vichupa vizuri hivyo vitakaa wiki? Andikeni kisipotee hata kimoja."

Wakanipigia makofi. Rula akanitazama kama wakati nilipomnunulia rula yake ya kwanza ya chuma, akaandika: *Flomita zilizopotea: sifuri.* Kiashiria namba saba. Sista Mkuu akaitwa mbele, akatia saini kuwa ndiye atakayekijibia.

Nyumbani siku ile nilijisifu mpaka nikachoka.

---

Mradi ulikwenda kama maji ya mtelemko. Mafundi walifika alfajiri, wakapitisha mabomba ya shaba yanang'aa kama bangili, wakapaka ukuta rangi. Mtambo ukawekwa nyuma ya jiko la hospitali, unanguruma kama paka aliyeshiba. Ulikamilika siku kumi na moja kabla ya wakati, na fedha zikabaki. Ile mitungi ya zamani ikapakiwa kwenye lori ikarudishwa kwa wenyewe, na mimi nikasimama getini kuipungia mkono.

Kwenye ubao wa korido wakabandika jedwali lile. Kila mwezi ofisa alipita na karatasi yake na kalamu za rangi. Kijani ni vizuri, njano ni angalia, nyekundu ni hatari. Miezi mitatu mfululizo, kijani saba. Lilikuwa kama shamba la mchicha.

Nilikuwa na desturi, na mpaka leo ninayo, ya kwenda wodini Jumapili kukunja nguo za watoto na kuwapumzisha kina mama wakaoge. Jumapili ile nilifika mchana, jua limesimama wima. Nesi wa zamu alikuwa yule yule mwembamba, peke yake na mwanafunzi mmoja.

Akaingia mama kijana amembeba binti yake mgongoni. Mtoto wa miezi minane. Niliusikia ule mlio kabla sijamwona mtoto, kile kiguno kidogo kila anapotoa pumzi, mbavu zinaingia ndani. Masikio yangu yanaujua.

Nesi akambana kidole na kile kibanio chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni ya damu. Chini ya tisini mtoto anahitaji hewa. Kikasoma sabini na nne.

"Mwanafunzi, flomita!"

"Zimeisha, sista. Zote tatu zinatumika."

Mimi nikainua kichwa kutoka kwenye nguo zangu. "Tatu? Si ziko ishirini na nne?"

 Nesi alikuwa ameshafika kwenye kabati la chuma la ofisini. Lilikuwa na kufuli la shaba, kubwa kama ngumi. Kila Ijumaa jioni, nikaja kujua siku ile, Sista Mkuu alizihesabu flomita, akaacha tatu nje, akafungia ishirini na moja, akaondoka na ufunguo. Jumatatu asubuhi anazihesabu tena. Hakuna hata moja iliyopotea.

Wale watoto watatu wengine nao walikuwa wanasoma themanini na kitu. Ukimvua mmoja umpe huyu, umemuua yule. Nesi akapiga simu ya Sista Mkuu. Inaita, haipokelewi. Alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake na simu iko ndani ya mkoba, na muziki mnaujua. Akapiga tena. Akapiga tena. Mwanafunzi akatumwa mbio kwa pikipiki kumfuata.

"Vunja, mwanangu," nikamwambia nesi.

Akanitazama. Macho yake sitayasahau. "Bibi, ikipotea moja humu baada ya kuvunjwa, nani atasema siyo mimi?" Hata hivyo alivunja. Alijaribu, nasema. Alichukua chuma cha kutundikia dripu, akakiingiza kwenye kufuli, akakinyonga kwa nguvu zake zote mpaka chuma kikapinda na kiganja kikachanika. Kufuli likatulia pale pale. Akarudi kwa mtoto, akaanza kumbonyezea hewa kwa ule mpira wa mkono, hewa hii hii ya chumbani, damu ya kiganja inadondoka kwenye shuka.

Mimi nilimshika mama. Kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta, na juu ya kichwa cha mtoto lilikuwepo tundu la oksijeni, jipya, na kibandiko chake cha namba: kumi na sita. Ukiweka sikio karibu unaisikia.

"Si hii hapa?" yule mama akaniuliza, ananionyesha tundu. "Bibi, si ndiyo hii hapa? Waniwekee basi."

Sista Mkuu alifika baada ya dakika arobaini na saba, na gauni la harusi, na ufunguo ameunyoosha mbele kama mshumaa. Tulikuwa tumeshamfunika.

Alifungua kabati hata hivyo. Akasimama mbele ya flomita ishirini na moja zilizopangwa mstari juu ya kitambaa cheupe. Akaanza kuzihesabu. Sijui kwa nini. Alifika tisa akakaa chini sakafuni.

---

Jumatatu Rula alikuja kwangu na kompyuta yake. Alikuwa na siku tatu tu kabla ya kikao cha kufunga mradi. Nilimweleza kila kitu, na namba ya tundu. Hakulia. Yeye akiumia anapima; akaanza kuchora mistari kwenye meza ileile ya jikoni kwa kucha.

"Tatu kati ya ishirini na nne," akasema. "Kila Jumamosi na Jumapili. Na mimi nina kijani saba."

"Uliniambia povu ni la kuonyesha moto upo."

"Ndiyo."

"Sasa hili la saba lilikuwa linaonyesha moto gani?"

 Akaitoa karatasi ya siku ile ya ukumbini, ile yenye mistari miwili chini ya namba moja, akailaza kando ya jedwali. Alitazama hapa, akatazama pale, kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye picha ya darasa.

"Hayupo," akasema. "Mama, sharti la kwanza halipo kabisa kwenye jedwali. Nilikuwa na kitu cha lazima, nikaweka mahali pake kitu cha kuhesabika. Flomita zimepokelewa. Zimepokelewa, ndiyo! Nani aliuliza kama zinafika kwa mtoto? Kiashiria changu kilitakiwa kuwa dakika, tangu kidole kisome chini ya tisini mpaka hewa ianze. Na watoto wangapi waliohitaji walipata. Hivyo viwili tu vingepiga kelele tangu wiki ya kwanza." Akagonga ule mstari wa saba. "Na hiki kimefanya kibaya zaidi. Hiki kimelipiga vita sharti lenyewe. Njia rahisi kuliko zote ya kutopoteza kitu ni kutokitumia."

 Kile cha saba hakikutoka kwa ofisi kuu. Kilitoka kwenye mdomo huu.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe ulisema, mimi niliandika, Sista akasaini. Tugawane." Akavua miwani. "Lakini sikiliza. Jedwali hili limeshapendwa. Hospitali nyingine sita zinaanza mwezi ujao, na zitalichukua lilivyo. Nikitia saini Alhamisi kwamba mradi umefaulu, ndiyo nimelipigia muhuri. Makabati sita, Mama."

"Usiposaini?"

"Mkataba wangu nao unaisha Alhamisi. Wao ndio wa kuurefusha."

Hatukula siku ile. Nilimpikia, chakula kikapoa, tukakiangalia wote wawili.

---

Kikao kilifanyika ukumbi uleule. Mkurugenzi kutoka ofisi kuu alikuwa mtu mpole, shati limenyooshwa, anakupa mkono kwa mikono miwili. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu.

"Ndugu zangu," akasema, "ni nadra. Kabla ya wakati, chini ya bajeti, kazi yote iliyoahidiwa imefanyika. Msimamizi wetu asimame tumpongeze."

Rula akasimama. Makofi yakapigwa, akayaacha yaishe. Kisha akasema, "Nimeusimamia mradi vizuri. Hilo ni kweli na muda na gharama vinashuhudia. Lakini kusimamia mradi vizuri na mradi kufaulu ni vitu viwili. Tulikuja hapa ili mtoto asife kwa kukosa hewa. Jumapili amekufa mmoja, chini ya tundu namba kumi na sita, na flomita ishirini na moja zikiwa kabatini." Akaeleza yote. Akaomba mambo matatu: kiashiria namba saba kifutwe, mradi usifungwe kwa miezi mitatu, na katika miezi hiyo wapime dakika na waulize manesi na kina mama wameona tofauti gani. "Tukishajua hapo ndipo tuseme tumefaulu au hatukufaulu. Na zile hospitali sita zisubiri."

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Aliandika hata jina la mtoto.

"Inauma," akasema. "Mimi pia nina watoto. Lakini tutenganishe. Mradi ulikuwa wa kufikisha oksijeni ukutani. Imefika ukutani. Nani anashika ufunguo ni uendeshaji wa wodi, hiyo ni kazi ya hospitali."

"Kufuli tumelileta sisi," akasema Rula. "Lipo kwenye jedwali letu, mstari wa saba."

"Jedwali halikusema kufuli."

"Lilisema sifuri!"

Sista Mkuu akainuka. Alikuwa amevaa sare, imepigwa pasi mpaka inakata. "Mnanijadili kama sipo," akasema. "Mwaka juzi vipimajoto vilipotea, niliandikiwa barua mimi. Mwaka jana mashine ya kunyonya makohozi, mimi. Safari hii mkaniita mbele ya watu nikasaini sifuri. Basi nendeni mkahesabu. Ziko ishirini na nne. Nimewapa mlichokitaka." Akaigonga meza kwa kidole. "Nimewapa kamili."

 Ndipo nikasimama mimi.

"Kitendawili," nikasema.

Walinitazama kama bibi kizee aliyepotea njia. Rula peke yake akaitikia, taratibu, "Tega."

"Nyumba imekamilika, mlango upo, dirisha lipo, kitanda kipo, hakuna kilichopotea. Wageni wanakuja kuisifia. Nini hakipo?"

Mkurugenzi alitabasamu kidogo. "Nipe mwaka, Mama, nitakitegua."

"Unipe mji basi," nikasema, maana ndiyo kanuni, ukishindwa unatoa mji. "Nipe hizo hospitali sita. Usizipelekee mstari wa saba. Ni mimi niliyeuweka, nilitamba nao nyumbani, na naomba kuufuta mwenyewe kwa mkono wangu. Nileteeni kalamu."

Hakuna aliyeleta kalamu.

"Mama," akasema yule mtu mpole, "ushauri wako ulikuwa mzuri sana. Wafadhili wameusifu. Ni kiashiria pekee katika miradi yetu yote kilichofika asilimia mia."

Akamsogezea Rula karatasi. Rula akaisoma kama anaisoma mara ya kwanza. *Mradi umefaulu.* Akaifunika kalamu kwa mfuniko wake, akaiweka juu ya karatasi, akarudi kukaa. Mkurugenzi akangoja kidogo, akaivuta karatasi kwake, akasaini "kwa niaba ya." Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

---

Mkataba wa Rula haukurefushwa. Hawakumfukuza, hapana, barua ilimshukuru kwa umakini wake.

Wodini kwetu Sista Mkuu alimwita fundi wa kuchomelea vyuma Ijumaa ileile, akalitoa kabati mlango. Mlango wenyewe akauegemeza nyuma ya jiko, karibu na mtambo. Flomita zote zikaning'inizwa ukutani, kila moja kwenye tundu lake. Rula akanunua daftari la mistari, akalifunga kwa uzi kwenye meza ya nesi, akawaomba waandike saa mbili tu: saa kidole kiliposoma chini ya tisini, na saa hewa ilipoanza. Nesi mwembamba ndiye anayeliandika kwa bidii, kwa mkono wenye kovu. Wiki ya kwanza dakika tisa. Wiki ya tatu dakika mbili. Jumapili mimi nikikunja nguo hulisoma kama wengine wanavyosoma maandiko.

Mwezi ulipoisha ofisa akapita na karatasi yake, maana hesabu haikufungwa pamoja na mradi. Flomita ishirini na mbili. Mbili zimeota miguu, nilisema mimi. Akabandika nyekundu kwenye mstari wa saba, na Sista Mkuu akaandikiwa barua ya onyo. Ameibandika chini ya daftari la dakika. Anasema akipata ya nne atastaafishwa, na anasema hivyo huku anapaka mikono mafuta, hanitazami.

Yule mama alirudi mara moja. Hakutaka kuongea na mtu. Alisimama mlangoni akatazama tundu namba kumi na sita, lina flomita yake, kigololi kimepanda, mtoto wa mtu mwingine amelala chini yake. Nikamwendea. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia, kuhusu mstari wangu na makofi niliyopigiwa. Nikamshika mkono tu. Akauacha mkono wake kwangu kidogo, kisha akautoa, akaenda zake.

Rula naye hakutulia. Baada ya miezi michache alipanda basi kwa nauli yake mwenyewe akaenda hospitali ya kwanza kati ya zile sita. Alisema anakwenda kusalimia tu. Alikuwa ameshawaandikia barua mbili hazikujibiwa, na mtambo wao ulikuwa umeshawaka wiki mbili, kabla ya wakati.

Alinipigia mchana, mimi nachambua mchele. Nyuma yake nasikia korido, viatu, mtoto analia.

"Mama, wana ubao kama wetu. Kijani saba."

"Na kabati?"

"Nimesimama mbele yake hapa."

Nikaacha mchele. "Lina kufuli?"

Nikasikia chuma kikigonga chuma. 

"Mawili," akasema.